Kupiga na Kupigwa: Neno Moja Linalopotosha Mwongozo wa Eksirei

Mwanafunzi alisoma sentensi ile mara mbili, akaenda kwenye rafu, akachukua shuka na kumfunika mgonjwa hadi kidevuni. Tulikuwa katika chumba cha eksirei cha hospitali moja ya kaunti huku magharibi mwa Kenya. Nilikuwa nimeitwa kusikiliza tafsiri ya Kiswahili ya mwongozo wa mashine ikisomwa kwa sauti, mashine yenyewe ikiwa mbele yetu. Sentensi ilisema: "Usimfichue mgonjwa bila sababu." Mwanafunzi alifanya alichoambiwa. Radiografa mkuu wa zamu, mama wa makamo ambaye wanafunzi wote humwita Madam, akalitoa lile shuka polepole, akasema, "Hapana, mwanangu. Hapo wanamaanisha usimpige mionzi asiyoihitaji. Hili shuka nalo likibaki, mikunjo yake itatutokea kwenye mapafu."

Aliyeitafsiri sentensi hiyo anajua Kiswahili, tena vizuri. Alikosea kwa sababu alilitafsiri neno akiwa mbali na mashine. Kwenye meza ya udhibiti ya mashine nyingi zilizoko hospitalini mwetu, kitufe kikubwa kuliko vyote kimechapwa `EXPOSURE`, na neno hilo hilo hurudi mwongozoni karibu kila ukurasa. Ukilitafuta kamusini utapewa kufichua, kuanika, kuacha wazi. Yote ni Kiswahili safi. Ufisadi hufichuliwa, omena huanikwa ufuoni, mlango huachwa wazi. Mionzi ya eksirei, hata hivyo, haifichui, haianiki wala haiachi kitu wazi, na ndiyo maana mwanafunzi mwenye akili timamu aliishia kushika shuka.

Hoja yangu ni kwamba neno hili moja linafanya kazi tatu katika mwongozo, na mfasiri asipozitenganisha ataharibu kurasa tatu muhimu kuliko zote: ukurasa wa kitufe, ukurasa wa namba zinazotokea kwenye skrini baada ya picha, na tangazo la mlangoni. Kazi ya kwanza ni kile kitendo cha kubonyeza, mionzi ikatoka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ya pili ni kiasi cha mionzi kilicholifikia bamba la kupokea picha. Ya tatu ni hali ya mtu, awe mgonjwa, mzazi aliyemshika mtoto au mfanyakazi, kufikiwa na mionzi. Kiingereza kimeyabeba yote kwenye kikapu kimoja kwa sababu wasomaji wake wamezoea kuyachambua wenyewe. Kiswahili hakina haja ya kikapu hicho.

Ukweli ni kwamba watu wetu walishalimaliza tatizo hili kabla wafasiri hawajafika. Muulize yeyote aliyetoka hospitalini, awe Kondele au Nakuru mjini, atakwambia, "Nimepigwa picha ya kifua." Radiografa naye atasema, "Nimempiga picha ya kifua." Kitenzi ni kimoja, na kiambishi kimoja kinatosha kuonyesha nani anatenda na nani anatendwa. Basi kitendo cha kubonyeza na tukiite kupiga: kitufe cha kupiga, muda wa kupiga, idadi ya mapigo. Kiasi kilichofika kwenye bamba tukiseme hivyo hivyo, kiasi kilichofika kwenye bamba. Na mtu tuseme amefikiwa na mionzi. Nimesikia wakipinga kwamba kupigwa kunatisha, kwamba mgonjwa ataona kama anachapwa. Hofu hiyo ina mashiko pale tunapozungumza na mgonjwa kuhusu mionzi, ndiyo maana hapo nachagua kufikiwa. Lakini kupiga picha hakujawahi kumtisha mtu, na kwenye kitufe ndilo neno ambalo mkono wa radiografa unalijua tayari.

Tuanze na ukurasa wa kitufe. Rasimu niliyopewa ilisema: "Bonyeza swichi ya ufichuzi kwa hatua mbili. Subiri maandalizi. Toa swichi ili kusitisha ufichuzi." Isome kama mtu aliyeanza zamu wiki iliyopita. Maandalizi ya nani, ya mgonjwa au ya mashine? Kisha "toa swichi": Kiswahili changu kinaniambia niing'oe.

Haya ndiyo yanayotokea ndani ya mashine. Kitufe cha mkononi kina ngazi mbili. Ukikibonyeza nusu, diski ya anodi iliyomo ndani ya tyubu huanza kuzunguka kwa kasi, na uzi wa tungsteni ulio upande wa pili hupashwa moto hadi uweze kumwaga elektroni za kutosha. Hapo hakuna mionzi inayotoka. Skrini huonyesha `PREP`, na baada ya kama sekunde moja au mbili huonyesha `READY`. Ukiendelea kubonyeza hadi mwisho, umeme wa volti nyingi huzivuta zile elektroni zikaigonge anodi, na hapo ndipo eksirei huzaliwa. Mashine hukata yenyewe muda uliopangwa ukiisha. Ukiachilia kitufe mapema, inakata pale pale, na hiyo ndiyo njia ya kuokoa hali mtoto anaporuka ghafla mezani au mtu anapofungua mlango.

Ngazi ya nusu ina hasara yake ukiikawiza. Uzi ule ukikaa moto bila kazi, tungsteni hutoka kidogo kidogo kama mvuke na kutanda ndani ya kioo cha tyubu, na uzi wenyewe hukonda. Beringi za anodi nazo huchakaa. Kuna radiografa wanaobonyeza nusu kwanza, kisha ndipo wanaanza kumwambia mgonjwa namna ya kupumua. Kila picha inakula sekunde kadhaa za uhai wa tyubu, na tyubu ni miongoni mwa vipuri ghali kabisa vya mashine. Neno "subiri maandalizi" linaipa tabia hiyo baraka, kwa maana msomaji anaweza kuelewa kwamba huu ndio wakati wa kumwandaa mgonjwa.

Tuliuandika upya ukurasa ule, Madam akisema nami nikiandika, kitufe kikiwa mkononi mwake:

"Mwandae mgonjwa kwanza na umwambie namna ya kupumua. Bonyeza kitufe nusu na ukishikilie. Mionzi bado haijatoka. Skrini ikionyesha `READY`, bonyeza hadi mwisho na uendelee kushikilia mpaka usikie mlio wa kumaliza. Ukiona hatari yoyote, achilia kitufe: mionzi itakatika mara moja."

Kuhusu kupumua, Madam alinisimamisha. Rasimu ilikuwa imeandika "mwambie mgonjwa apumue na kushikilia". Ukimwambia mtu wa huku "pumua", mara nyingi atashusha pumzi, na picha ya kifua inataka mapafu yaliyojaa. Ukipiga pumzi ikiwa imetoka, kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, hupanda, chini ya mapafu hubanana na kuwa kweupe, na daktari anaweza kuona nimonia isiyokuwepo. Radiografa huhesabu mbavu: kwenye picha nzuri ya kifua cha mtu mzima, mbavu za nyuma zipatazo tisa au kumi huonekana juu ya kiwambo. Zikiwa saba, huenda ikabidi picha irudiwe, na mgonjwa afikiwe na mionzi mara ya pili kwa sababu ya kitenzi. Maneno yanayofanya kazi ni haya: "Vuta pumzi ndani. Vuta tena. Zuia, usitoe." Halafu, baada ya mlio, "Haya, pumua."

Sasa ukurasa wa namba. Huu ndio ulionifanya nikae kuandika, kwa sababu kosa lake halionekani kwa macho, hata kwa macho ya mtaalamu.

Zama za filamu, radiografa aliyezidisha mionzi aliumbuliwa na picha yenyewe: ilitoka nyeusi tititi. Aliyepunguza mno alipata picha iliyopauka. Mashine za kidijitali zimeondoa adhabu hiyo. Kompyuta hupokea ishara kutoka kwenye bamba, ikazipima, na kuupanga upya mwanga wa picha ili iwe na weusi na weupe wa kawaida, uwe umepiga kwa kiasi sawasawa au mara mbili yake. Tena ile iliyopigwa mara mbili huonekana nyororo zaidi, haina chengachenga. Daktari anaisifu. Kesho radiografa anapandisha kidogo tena. Hakuna anayelalamika, na miezi inapopita kila mgonjwa wa kituo kile anapata mionzi maradufu bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Kwa sababu hiyo, tangu kiwango cha kimataifa cha mwaka 2008, mashine nyingi mpya huonyesha namba tatu pembeni mwa picha: `EI`, `EIT` na `DI`. Ya kwanza hueleza kiasi kilichofika kwenye bamba. Ya pili ni kiasi kilichokusudiwa kwa sehemu ile ya mwili, na hupangwa kituoni au na mtengenezaji. Ya tatu hueleza umepita au umepungukiwa kwa kiasi gani, kwa hesabu hii:

```
DI = 10 × log10(EI / EIT)
```

Tuchukue mfano. Mwanamume mzima, kikohozi cha wiki tatu, picha ya kifua. Radiografa ameweka 110 kV, yaani nguvu ya umeme wa tyubu, na 4 mAs, yaani kipimo cha wingi wa mionzi. Picha inatoka safi kabisa. Pembeni imeandikwa `EI 500`, `EIT 250`, `DI +3.0`. Gawanya 500 kwa 250 upate 2. Logi ya 2 ni 0.301, zidisha kwa 10, unapata 3. Kwa hiyo +3 maana yake bamba limepata mionzi mara mbili ya iliyokusudiwa. Ingekuwa +6, ingekuwa mara nne. Ingekuwa −3, nusu. Ikiwa sifuri, umepatia barabara. Mgonjwa mwingine wa umbo lile lile angetosheka na 2 mAs.

Rasimu ya Kiswahili iliziandika namba hizi hivi: `EI` ni "kielezo cha ufichuzi wa mgonjwa", na `DI` ni "alama ya mkengeuko". Nilimwonyesha mwanafunzi wetu ile +3 nikamwuliza anaionaje. Alisema ni nzuri, kwa kuwa ni alama na iko upande wa chanya. Simlaumu. Shule zetu zimemfundisha tangu darasa la kwanza kwamba alama ikipanda ni heri, na neno alama likikaa karibu na ishara ya kujumlisha haliwezi kueleweka vingine na mtoto wa Kenya. Mkengeuko nalo ni neno zuri la kitabuni ambalo halimwambii mtu amekengeuka kwenda wapi. Tukaweka: "`DI`: umepita au umepungukiwa. Sifuri ni sawasawa. +3 ni mara mbili ya inayohitajika. −3 ni nusu yake." Sentensi nne fupi, na hakuna hata moja inayohitaji logi.

Kosa la `EI` ni zito zaidi. Namba hiyo haipimi mionzi aliyoipata mgonjwa. Inapima kilichobaki baada ya mionzi kupita mwilini mwake na kulifikia bamba. Mtu mwembamba na mtu mnene wanaweza wote kutoa `EI 250`, picha zote mbili zikiwa sawasawa, ilhali yule mnene amefikiwa na mionzi mara kadhaa zaidi, kwa sababu mwili wake ulikula mingi njiani. Ukiandika "ya mgonjwa" kwenye tafsiri, umemruhusu muuguzi au mwanafunzi kuinakili namba hiyo kwenye faili kama dozi. Na dozi ya uongo kwenye faili ni mbaya kuliko faili tupu, maana hakuna atakayeitilia shaka baadaye. Andika "kiasi kilichofika kwenye bamba" na kosa hilo halizaliwi.

Rasimu ilikuwa na sentensi moja zaidi, ambayo nadhani ilitoka kwenye mazoea ya filamu: "Ufichuzi ukizidi, rudia picha." Kwa picha ya kidijitali hiyo inaongeza dhara juu ya dhara. Mgonjwa ameshapata mionzi mara mbili, picha inasomeka, nawe unamwongezea ya tatu. Picha iliyozidi hurudiwa tu pale ambapo sehemu yake imeungua hadi hakuna umbo linaloonekana, kwa mfano kingo za mapafu zimepotea kabisa. Ikizidi bila kuungua, picha inatumika, sababu inaandikwa, na kiwango kinarekebishwa kwa mgonjwa ajaye. Iliyopungua nayo haihukumiwi kwa namba peke yake. Unaiangalia kwanza: kama chengachenga zimefunika mishipa midogo ya mapafu, ndipo unarudia.

Namba hizi nazo hudanganya, na tafsiri isiyosema hivyo imemtega msomaji. Mgonjwa mwenye chuma nyongani, radiografa aliyechagua "tumbo" kwenye skrini ilhali anapiga kifua, au mwale ulioachwa mpana kupita mwili, vyote huichezea `EI` bila mionzi kubadilika. Madam ana kanuni yake: namba moja ikienda kombo anaangalia picha, na namba kumi mfululizo zikielekea upande mmoja anaangalia mashine na watu wake. Tuliiweka mwongozoni kama alivyoisema.

Kuna wanaosema kazi hii yote ni ya bure, kwa kuwa radiografa wa Kenya hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza katika vyuo vya mafunzo ya utabibu. Naiheshimu hoja hiyo kwa upande mmoja: sioni sababu ya kutafsiri `PREP`, `EI` au kV. Skrini inavionyesha hivyo, na mwongozo lazima ufanane na skrini, la sivyo mtu atatafuta kitufe kisichokuwepo. Lakini usiku wa manane mafunzo ya kazi hutolewa kwa Kiswahili. Anayemaliza zamu humwambia anayeingia, "Ukiona hivi, fanya hivi," na maelezo hayo ya mdomo hupotoka kila yanapopokezanwa. Mwongozo wa Kiswahili unayashikilia mahali pamoja. Halafu kuna mlango, na mlangoni msomaji hakusomea eksirei.

Mlango wa chumba kile ulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza: "HATARI! CHUMBA HIKI KINA MIONZI." Ya pili: "USIINGIE TAA NYEKUNDU IKIWAKA." Zote mbili zimeandikwa kwa Kiswahili sanifu, na zote mbili zinapotosha.

Kusema chumba kina mionzi ni kuizungumzia kama moshi, kitu kinachokaa humo, kinachoshika kuta na shuka. Mashine ya eksirei haiko hivyo. Mionzi hutoka kitufe kinapobonyezwa hadi mwisho, na hukoma kitufe kinapoachiliwa, kama mwanga unavyokoma tochi inapozimwa. Hakuna kinachobaki hewani wala mwilini mwa mgonjwa. Karatasi ile ilikuwa na matokeo mawili yanayopingana. Mama wa usafi alikuwa akikataa kupiga deki hata mashine ikiwa imezimwa, na nilimwona akisukuma mopu kwa mkono ulionyooshwa, miguu ikiwa bado koridoni. Upande wa pili, ndugu za wagonjwa walioingia mara moja na kutoka bila kudhurika waliona tangazo ni maneno tu, wakaanza kubaki ndani. Kiswahili kina njia rahisi ya kutofautisha, nayo ni kitenzi: "Mionzi hutoka wakati wa kupiga picha tu. Wakati huo kaa nje, mlango ukiwa umefungwa."

Taa nyekundu nayo ina tatizo la balbu. Balbu ikiungua, sentensi "usiingie ikiwaka" inageuka kuwa ruhusa ya kuingia. Tangazo la usalama halifai kutegemea kitu ambacho kikiharibika kinasema "salama". Tulitaka mlango wenyewe uwe ndio ishara, na hapo tukakutana na adabu zetu. Kwetu mtu hupiga hodi huku mkono ukiwa kwenye kitasa, na mara nyingi kichwa kishaingia kabla ya karibu kusikika. Kuandika "piga hodi kabla ya kuingia" kungemleta mtu ndani sekunde ile ile ya kupiga picha. Tukaandika: "Mlango ukiwa umefungwa, piga hodi na ungoje ufunguliwe kutoka ndani. Usifungue mwenyewe." Madam akaongeza kwa kalamu, "hata kama taa haiwaki," na maneno hayo manne yakabaki.

Tangazo la wajawazito ndilo lililotuchukua asubuhi nzima. La zamani lilisema: "Wanawake wajawazito hawaruhusiwi." Asili yake ya Kiingereza ilimtaka mwanamke aseme kama ni mjamzito au anadhani huenda ni mjamzito. Mfasiri alikata sehemu ya kusema akabakiza katazo. Sasa mfikirie mama wa miezi mitano aliyeanguka kutoka kwenye boda boda na kuvunjika mkono. Picha ya kiganja au ya kiwiko, mwale ukiwa umebanwa vizuri, haimfikishii mtoto tumboni mionzi ya kujali, na mkono uliovunjika usipopigwa picha unaweza kupona vibaya. Mwenye uamuzi ni daktari na radiografa, wakiangalia ni sehemu gani ya mwili na kama inaweza kungoja. Picha za tumbo, nyonga na kiuno ndizo zinazohitaji mjadala. Tangazo linalomrudisha huyu mama nyumbani limemdhuru kwa jina la kumkinga.

Swali lenyewe nalo lina lugha yake. "Unadhani una mimba?" ni swali gumu kumtupia msichana aliyekuja na mama yake, kwenye benchi lenye watu sita. Atasema hapana. Na "unadhani" humtaka abashiri jambo ambalo kwa kawaida analijua kwa njia nyingine: tarehe. Kwa hiyo radiografa anapaswa kuuliza akiwa naye peke yake, ndani, mlango umefungwa, "Siku zako za mwezi zilianza lini mara ya mwisho?" Zikiwa zimechelewa, anachukuliwa kuwa huenda ni mjamzito hadi ithibitike vingine, na mazungumzo na daktari yanafuata. Mlangoni tukaandika: "Mama au dada, ikiwa u mjamzito au siku zako zimechelewa, tuambie kabla ya kupigwa picha. Utahudumiwa." Neno la mwisho lilipingwa na afisa mmoja aliyeona halina kazi ya kiufundi. Nililitetea na nitaendelea kulitetea, kwa sababu bila hilo mwenye ujauzito husoma tangazo lote kama kufukuzwa.

Katiba ya 2010, Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019 imeunda mamlaka inayotoa leseni kwa mitambo ya mionzi, ikiwemo hii ya hospitalini. Kati ya sheria hizo mbili naona nafasi ya jambo moja dogo ambalo hospitali yoyote inaweza kulifanya bila kungoja bajeti. Mashine mpya inapokabidhiwa, fundi wa kampuni huja kufundisha watumiaji. Siku hiyo hiyo, kabla hajaondoka, kurasa za Kiswahili zisomwe kwa sauti mbele yake na mwanafunzi, naye mwanafunzi atende kila anachosoma, kitufe kikiwa mkononi na meza ikiwa tupu. Mama wa usafi asome tangazo la mlangoni na aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Kila mahali mkono utakapokwenda kusikokusudiwa, sentensi iandikwe upya hapo hapo.

Nimerudi pale mara moja tangu wakati huo. Karatasi ya hodi iko mlangoni, imefunikwa kwa plastiki, na balbu nyekundu ilikuwa imeungua tena. Mzee mmoja alikuwa amesimama nje, kofia mkononi, mwanawe akiwa ndani. Aligonga mara mbili, akarudi nyuma hatua moja, akangoja.